"Zilikuwa tatu, mama": Betri ya saa inapoingia puani mwa mtoto

Pete yenyewe ilikuwa ya plastiki, ya rangi ya waridi, ya zile zinazovaliwa kidoleni na kumulika mwanga wa kuwakawaka. Ilinunuliwa sikukuu ya Idi na kufika Mbuchi ndani ya mfuko wa rambo, pamoja na ubuyu na viatu vipya. Baada ya wiki mbili ikazima. Kaka mtu, mwenye miaka minane, akaifungua kwa meno saa kumi jioni, akiwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba. Mdogo wake wa miaka mitatu alikuwa pembeni, akitazama.

Ndani ya pete kama hiyo huwa kuna betri tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Wengi huziita betri za saa. Ni bapa, zinang'aa, zina upana wa milimita 8 hivi na unene usiofika milimita 4, na mgongoni zimeandikwa AG3 au LR41. Kwa mtoto wa miaka mitatu, kitu cha namna hiyo kina ukubwa unaoenea vizuri kwenye tundu la pua.

Saa moja usiku mtoto alianza kusugua pua na kulia kilio cha kuudhika. Mama yake alimfuta kamasi mara mbili, mara tatu. Zilikuwa nyepesi kama maji, na zilitoka tundu la kulia tu. Hilo la upande mmoja aliliona, lakini halikumwambia kitu. Mafua yalikuwa yamepita kijijini wiki ile, na nyumba ya jirani watoto wote walikuwa wakikohoa.

"Mtie dawa ya pua alale," bibi alisema.

Dawa ya matone ilikuwapo, imebaki tangu mafua yaliyopita. Mama akamlaza mtoto chali mapajani, akamtia matone mawili kila upande. Mtoto alipiga ukelele ambao bibi, aliyelea watoto saba, aliusikia na kusema huyu mtoto ana jambo. Wakambembeleza hadi akalala. Kabla ya kulala, mama akarudia matone upande wa kulia kwa sababu ndiko kulikoziba zaidi.

Hapa ndipo kosa lilipotendeka, na lilitendeka kwa mapenzi na kwa mikono iliyonawa. Kuna wazazi wengi ambao wangefanya vivyo hivyo.

Harage, punje ya mahindi, shanga au kipande cha sponji ya godoro kikiingia puani kinaziba, kinaoza, kinaleta harufu. Ni kero na kina hatari yake, hasa kikishuka kwenye njia ya hewa, lakini chenyewe hakifanyi kazi yoyote. Kinakaa tu. Betri haikai tu. Utando wa ndani ya pua ni mbichi na una majimaji yenye chumvi. Betri ikigusa utando huo, umeme unapata njia ya kupita kutoka upande chanya kwenda upande hasi kupitia nyama ya mtoto. Umeme ni mdogo mno, hata mtu mzima akiishika betri mkononi hasikii chochote. Lakini unapopita kwenye majimaji unayabadilisha, na kwenye upande hasi wa betri panatengenezwa kemikali ya jamii moja na magadi makali ya kutengenezea sabuni.

Waliowahi kuona sabuni ikitengenezwa wanajua magadi yale yanavyofanya kwa mafuta. Nyama ya pua nayo ina mafuta na protini. Kemikali hiyo inaiyeyusha, inaifanya laini kama ute, kisha inazama ndani zaidi. Haihitaji betri ivunjike wala ivuje. Betri nzima, mpya, iliyofungwa vizuri kiwandani, inaunguza. Na ile iliyozima nayo inaunguza, maana betri ambayo haina tena nguvu ya kuwasha taa ya pete bado inaweza kuwa na umeme wa kutosha kuyafanyia majimaji kazi hiyo. Yeyote anayetaka kuona kwa macho yake aweke betri ya namna hii juu ya kipande cha nyama mbichi iliyolowana chumvi na maji. Ndani ya saa moja au mbili pembeni mwa betri patakuwa na povu, na chini yake nyama itakuwa imeanza kuwa nyeusi.

Basi matone yale ya dawa, kwa nia njema kabisa, yaliongeza majimaji mahali ambapo majimaji ndiyo yanayohitajika ili kazi iendelee. Ndiyo maana mwongozo wa kituo cha sumu cha mji mkuu wa Marekani, chenye makao Washington, ambacho kimefuatilia ajali za betri hizi kwa miaka mingi, unakataza kutia matone ya aina yoyote puani au sikioni kabla betri haijatolewa. Si dawa, si maji ya chumvi, si mafuta.

Mafuta yanahitaji neno la ziada, kwa sababu ukanda wa pwani kila nyumba ina chupa ya mafuta ya nazi. Mdudu akiingia sikioni akawa anapapatika, kumtia mafuta mtoto sikioni kunamuua mdudu, na hata wahudumu wa afya hufanya hivyo. Ni jambo jema kwa mdudu. Lakini mzazi aliyezoea dawa hiyo huikimbilia kwa kila kilichoingia sikioni, na hapo ndipo inapokuwa hatari. Vivyo hivyo asali. Kuna ushauri unaozunguka kwenye simu kwamba mtoto mwenye betri apewe asali. Ushauri huo una asili ya kweli, lakini unahusu betri iliyomezwa muda si mrefu, kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, akiwa njiani kwenda hospitali. Asali haimiminwi puani wala sikioni.

Saa kumi na moja alfajiri mama aliamshwa na harufu. Khanga aliyomlalia mtoto ilikuwa na madoa ya kahawia iliyokolea, karibu na weusi, kama maji ya majivu. Pua ilikuwa imevimba upande wa kulia hadi chini ya jicho. Alipowasha tochi ya simu kutazama, hakuona kitu ila weusi.

Kaka mtu alikuwa ameamka kwa ile purukushani. Alisimama mlangoni, akanyoosha kiganja. Betri mbili.

"Zilikuwa tatu, mama," akasema.

Saa kumi na tatu zilikuwa zimekwishapita.

Kamasi za upande mmoja ni ishara ambayo mzazi hapaswi kuiacha ipite. Mafua huziba matundu yote mawili, pengine kwa kupokezana. Tundu moja likitoa maji, usaha, damu au uchafu mweusi huku la pili likiwa kavu, kwa mtoto mdogo jambo la kwanza kulifikiria ni kwamba kuna kitu ndani. Weusi na harufu vikija haraka, ndani ya usiku mmoja, si punje ya mahindi hiyo. Punje huchukua siku kadhaa kuoza. Sikioni nako ni hivyo hivyo: maumivu makali yaliyoanza ghafla, sikio moja, uchafu mweusi au wa damu. Huko sikioni hatari nyingine ni kwamba watu huona usaha wakadhani ni ugonjwa wa masikio, mtoto akaandikiwa matone, akarudishwa nyumbani.

Zahanati ilikuwa karibu, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tabibu alitoka akiwa bado anafunga vifungo vya shati. Mama hakumwambia mtoto ana mafua. Alimwambia neno moja, "Betri," akamwonyesha zile mbili. Kama angeanza na habari ya mafua, huenda wangekaa kwenye benchi kusubiri zamu.

Tabibu alimwomba bibi ampakate mtoto, amfunge khanga mikono ikiwa ndani, na kichwa chake kiegemee kifuani. Akamulika. Nyuma ya weusi na uvimbe aliona ukingo wa kitu kinachong'aa. Alikuwa na kibano cha kawaida cha kufungia vidonda, na hakukitumia. Betri ni duara, ni laini, na imelowa. Kibano cha mdomo mpana hakiishiki, kinateleza na kuisukuma nyuma. Kinachofaa ni kijikulabu chembamba butu, ambacho hupitishwa juu ya kitu, kikageuzwa nyuma yake, kisha kikavutwa mbele pamoja nacho. Kinahitaji pia mwanga wa kuvaa kichwani ili mikono yote miwili iwe huru, na mtoto aliyetulia. Jaribio la kwanza ndilo lenye nafasi kubwa ya kufanikiwa. Likishindikana, pua inatoka damu, inavimba zaidi, mtoto anaogopa, na kila jaribio linalofuata ni gumu kuliko lililopita.

Mhudumu mwenye kijikulabu na uzoefu, akiiona betri iko mbele, anapaswa kuitoa pale pale bila kungoja mtaalamu, kwa sababu betri inaendelea kuunguza wakati gari linatafutwa. Asiyekuwa nacho asijaribu. Tabibu yule hakuwa nacho. Akapiga simu hospitalini Kibiti kueleza anachotuma, akaandika barua ya rufaa, na juu kabisa akaandika kwa herufi kubwa: BETRI PUANI, KULIA, TANGU JANA SAA 10 JIONI.

Kisha akampa mama maagizo machache. Mtoto akae wima njia nzima, asilazwe chali, ili betri ikilegea isidondoke kooni ikashuka kwenye njia ya hewa. Asipenge kwa nguvu, maana watoto wa umri huo wakiambiwa wapenge huvuta ndani. Asitiwe kitu chochote. Na asilishwe uji wala andazi njiani, maji kidogo tu, kwa sababu inaelekea atahitaji nusu kaputi.

Jambo lililobaki lilikuwa maji. Watu wa delta ya Rufiji hawapangi safari kwa saa ya ukutani, wanapanga kwa kupwa na kujaa. Asubuhi ile maji yalikuwa yamekupwa, na boti ilikuwa imelala kwenye tope, imeinama ubavu. Nahodha alisema ikifika saa nne maji yatakuwa yameingia mtoni na watakwenda vizuri.

Bibi ndiye aliyekataa. Tabibu alikuwa amemweleza kwamba kitu kile kinakula, na kwake neno kula lilitosha. Wakatafutwa vijana sita, wakaisukuma boti hadi kwenye mkondo, tope likiwafika mapajani, na saa moja na nusu mashine ikawaka kuelekea Nyamisati. Zile saa mbili na nusu walizookoa si jambo dogo.

Kutoka Nyamisati ni barabara hadi Bungu, kwenye barabara kuu ya Kilwa, kisha kushuka kusini hadi Kibiti. Mama alikaa nyuma ya bodaboda, mtoto amefungwa kifuani, wima.

Hospitalini picha ya eksirei ilionyesha duara jeupe lenye mstari wa pili ndani yake, kama pete mbili, moja ndani ya nyingine. Hiyo ndiyo alama inayotofautisha betri na sarafu, maana sarafu inaonekana duara moja lililojaa. Mstari ule wa ndani unatokana na umbo la betri: upande mmoja ni mpana, wa pili ni mdogo kidogo. Upande mdogo ndio hasi, na ndio unaounguza zaidi. Kwenye picha ya ubavuni daktari anaweza kuona umeelekea wapi.

Kwa mtoto huyu ulikuwa umeelekea kati, kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua.

Ukuta huo kwa mbele umejengwa kwa gegedu, ule mfupa laini ambao mtu anaweza kuusikia akibana ncha ya pua yake. Gegedu haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake chote inakipata kwenye ngozi nyembamba iliyoifunika pande zote mbili. Betri ikiunguza ngozi ya upande mmoja, gegedu inakosa chakula kutoka upande huo, na kemikali inaendelea kupenya. Ikifika ngozi ya upande wa pili, limeshakuwa tundu. Taarifa za kitabibu zina watoto waliotobolewa ukuta huo ndani ya saa chache tu. Kama upande hasi ungeelekea nje, ungeunguza nyama ya ubavuni mwa pua, na madhara yake mara nyingi ni makovu yanayoshikana na kuziba tundu. Sikioni, ambako njia ni nyembamba na imezungukwa na mfupa, kinachoungua ni ngozi ya mfereji na kiwambo cha sikio, na wapo watoto waliopoteza usikivu.

Saa saba mchana, chini ya nusu kaputi, betri ilitoka. Ilikuwa imegeuka nyeusi, na namba yake haikusomeka tena. Zilikuwa zimepita saa 21. Daktari akavuta uchafu, akaosha kwa maji ya chumvi, akatazama tundu la pili na masikio yote mawili, kwa sababu mtoto aliyeingiza kitu kimoja huenda ameingiza viwili. Maji yale ya chumvi ambayo jana usiku yangeongeza madhara, sasa betri ikiwa nje yalikuwa dawa. Mama hakulielewa hilo hadi alipoelezwa mara ya pili.

Alipouliza kama sasa amepona, alijibiwa kwamba bado haijulikani. Kuondoa betri kunasimamisha umeme, lakini nyama iliyokwisha kufa haifufuki, na iliyo nusu hai inaweza kufa siku zinazofuata. Ukuta ulikuwa mweusi sehemu moja, haujatoboka. Akapewa tarehe ya kurudi baada ya wiki moja, kisha rufaa ya kwenda idara ya masikio, pua na koo, Muhimbili. Wazazi wengi huishia hapa, betri imetoka, mtoto anacheza, nauli ya kurudi ni kubwa. Huyu alirudi.

Katika wiki ya tatu, bibi alikuwa wa kwanza kusikia. Mtoto alikuwa amelala, na kila akivuta pumzi ilitoka mbinja nyembamba sana. Tundu dogo kwenye ukuta wa pua hufanya hivyo, hewa ikipita ukingoni mwake hupiga mluzi. Kubwa halipigi, ila linakausha pua, linaleta magaga na damu za mara kwa mara, na likiwa kubwa sana mgongo wa pua unaweza kuzama mtoto anapokua. Muhimbili walilipima lake wakasema ni dogo, lipakwe mafuta ya kulainisha, lifuatiliwe, na habari ya kulifunga itazungumzwa akishakua, kwa sababu madaktari huepuka kukatakata pua ambayo bado inakua.

Betri za namna hii zimo kwenye nyumba nyingi kuliko wazazi wanavyodhani. Zimo kwenye kipimajoto cha kidijitali, kadi inayoimba ikifunguliwa, kikokotoo, viatu vya mtoto vinavyowaka soli, rimoti ndogo ya redio ya sola. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022, baada ya kifo cha mtoto aliyemeza betri ya aina hii, inayotaka vifuniko vya betri hizo vifungwe kwa namna ambayo mtoto mdogo hawezi kufungua, kwa mfano kwa skrubu. Pete za Idi hazina skrubu. Mzazi anaweza kujua dukani kabla hajalipa: akigeuza mwanasesere na kukuta kifuniko kinachofunguka kwa ukucha, meno ya mtoto yatakifungua pia. Na kabla ya kitu hicho kutupwa au kufunguliwa, betri zihesabiwe zikiingia na zikitoka. Hesabu ya kaka mtu ndiyo iliyomfikisha mdogo wake hospitalini siku ile. Bila hiyo, huenda angetiwa matone kwa wiki nzima.

Zile mbili zilizobaki baba aliporudi kutoka kuvua kamba alizikuta juu ya kabati, kwenye kopo la maziwa. Alitaka kuzitupa mtoni. Bibi akamwambia azifunge kwanza kwa selotepu, kila moja peke yake, pande zote mbili, kisha azipeleke zahanati. Tabibu sasa anazo mezani, ndani ya kichupa cha dawa kilichofungwa, na mzazi akija na mtoto anayetoa kamasi tundu moja humwonyesha kwanza hizo, kabla hata ya kuwasha tochi.